Jedwali la Entropi Linapokataa Utabiri Wako

Kabla sijafungua jedwali la entropi, kile kipimo cha wingi wa namna ambazo molekuli na nishati yake zinaweza kujipanga, huandika kwanza pembeni mwa karatasi alama ninayoitarajia: chanya ikiwa naona entropi itaongezeka, hasi ikiwa naona itapungua. Utabiri huo hautumii namba yoyote. Hutokana na kuutazama tu mlinganyo wa mmenyuko na zile herufi ndogo zilizo kwenye mabano, yaani (s) kwa yabisi, (l) kwa kimiminika, (g) kwa gesi na (aq) kwa kitu kilichoyeyushwa katika maji. Baada ya hapo ndipo hukokotoa, na mwishoni huziweka alama mbili ubavu kwa ubavu, ile ya macho na ile ya hesabu. Mara nyingi zinakubaliana. Makala haya yanahusu zaidi nyakati zisipokubaliana, kwa sababu hapo ama nimekosea mahali fulani panapoweza kutafutwa na kupatikana, ama mmenyuko wenyewe una jambo ambalo herufi za kwenye mabano haziwezi kulionyesha.

Mazoea haya yalianza kwa kosa. Nilipopewa kwa mara ya kwanza swali la kukokotoa badiliko la entropi ya kawaida, mmenyuko uliochaguliwa ulikuwa utengenezaji wa amonia:

N2(g) + 3H2(g) → 2NH3(g)

Kanuni ni fupi. Jumlisha entropi za mazao, kila moja ikizidishwa kwa idadi ya moli zake katika mlinganyo uliosawazishwa, kisha toa jumla ya entropi za vianzio, nazo zikiwa zimezidishwa vivyo hivyo. Wakati huo nilikuwa nimetoka kujifunza enthalpi za uundwaji, yaani joto linaloingia au kutoka dutu inapoundwa kutoka kwa elementi zake, ambako kila elementi iliyo katika hali yake ya kawaida hupewa sifuri, na sifuri hiyo nilikuja nayo. Niliipa nitrojeni sifuri, nikaipa haidrojeni sifuri, nikachukua 192.5 ya amonia, nikazidisha kwa 2, nikapata chanya 385.0. Mwalimu aliyesahihisha hakuandika jibu sahihi. Alichora duara kwenye ile namba 3 iliyo mbele ya haidrojeni, akauliza: gesi ngapi zinaingia, gesi ngapi zinatoka? Moli nne za gesi zinaingia na mbili zinatoka. Ilikuwaje basi entropi iongezeke kwa kiasi kikubwa namna ile?

Hesabu sahihi ni hii. Kwa nyuzi 25 za Selsiasi, yaani kelvini 298.15, jedwali linaipa nitrojeni 191.6, haidrojeni 130.7 na amonia 192.5, zote zikiwa katika jouli kwa kelvini kwa moli. Mazao ni 2 × 192.5, ambayo ni 385.0. Vianzio ni 191.6 pamoja na 3 × 130.7, jumla 583.7. Tofauti yake ni hasi 198.7 J/K kwa mmenyuko kama ulivyoandikwa. Maneno "kama ulivyoandikwa" yana uzito wake: ukiugawa mlinganyo kwa mbili ili upate moli moja ya amonia, badiliko nalo hugawanyika na kuwa hasi 99.4 hivi, kwa hiyo namba ya entropi iliyotajwa bila mlinganyo wake haimwambii msomaji lolote la hakika.

Kwa nini elementi hazipewi sifuri hapa? Jibu limo katika namna entropi inavyopimwa. Enthalpi haina mwanzo tunaoweza kuufikia. Tunaweza kupima tofauti tu, kwa hiyo wanakemia walikubaliana kuziweka elementi kwenye sifuri ili wapate pa kuanzia. Entropi ina mwanzo wake wa kweli. Neno lenyewe lilitungwa na Rudolf Clausius mwaka 1865, lakini ilibidi kusubiri mpaka Walther Nernst alipotoa nadharia yake ya joto mwaka 1906, na Max Planck akaiendeleza baadaye, ndipo ikawezekana kusema kwamba kristali iliyopangika kikamilifu ina entropi sifuri kwenye kelvini 0. Kuanzia hapo mtafiti hukipasha kitu joto kidogo kidogo, akipima kila mara kiasi cha joto kinachohitajika kukipandisha halijoto, anagawanya kila kiasi hicho kwa halijoto ya wakati huo, anajumlisha, na kila kitu kinapoyeyuka au kuchemka anaongeza mchango wa badiliko hilo la hali. Anapofika kelvini 298.15 jumla aliyonayo ndiyo inayoandikwa kwenye jedwali. Hata grafaiti, elementi iliyotulia kabisa, ina 5.7, na almasi, ambayo atomu zake zimefungana kwa ukaidi zaidi, ina 2.4. Hakuna elementi inayofika kelvini 298.15 ikiwa bado na entropi sifuri.

Sasa turudi kwenye macho. Utabiri kwa kutazama hali za maada unasimama juu ya ukweli mmoja, kwamba entropi hupima wingi wa namna ambazo molekuli na nishati yake zinaweza kujipanga, na gesi ina namna nyingi mno kuliko kimiminika au yabisi. Moli moja ya maji ya kimiminika hujaa katika mililita 18 hivi. Moli moja ya gesi kwenye nyuzi 25 na kanieneo ya bar 1 inahitaji lita 24.8, nafasi iliyo kubwa zaidi ya mara 1,300. Ndiyo maana jedwali linaipa mvuke wa maji 188.8 wakati maji ya kimiminika yana 69.9. Tofauti kati ya yabisi na kimiminika ipo, lakini ni ndogo kuliko hiyo, na mara nyingi humezwa na ukubwa wa molekuli zenyewe. Kwa hiyo mimi huhesabu kwanza moli za gesi peke yake pande zote mbili. Zikiongezeka, naandika chanya. Zikipungua, naandika hasi. Zikilingana, naandika alama ya kuuliza, na nitaeleza sababu.

Mfano unaofaa kuufuata hatua kwa hatua ni kalsiamu kabonati, kwa sababu dutu hiyo moja itatuonyesha utabiri ukifaulu na baadaye ukishindwa. Ikipashwa joto kali huvunjika:

CaCO3(s) → CaO(s) + CO2(g)

Upande wa kushoto hauna gesi, upande wa kulia una moli moja, kwa hiyo naandika chanya. Kisha nafungua jedwali, na hapa inafaa kusoma polepole. Chini ya kalsiamu kabonati majedwali mengi yana mistari miwili, mmoja wa kalsaiti na mwingine wa aragonaiti. Fomula ni ileile, lakini atomu zimepangika tofauti, na entropi zinatofautiana: 92.9 kwa kalsaiti, 88.7 kwa aragonaiti. Swali lisiposema lolote, chukua kalsaiti, ambayo ndiyo iliyo imara zaidi katika hali za kawaida. Kalsiamu oksaidi ina 39.8 na kaboni dioksaidi ina 213.7. Mazao basi ni 253.5, ukitoa 92.9 unabaki na chanya 160.6 J/K. Macho na hesabu vimekubaliana, na ukitazama namba zenyewe utaona kwamba karibu kazi yote imefanywa na gesi, ile 213.7 ya kaboni dioksaidi ni kubwa kuliko entropi za yabisi zote mbili zikijumlishwa.

Ukiwa na jedwali jingine unaweza kukuta kalsaiti ikiwa 91.7 na kalsiamu oksaidi ikiwa 38.1. Usishtuke, na usidhani kwamba mmoja wa wachapishaji amekosea; ni vipimo tofauti vilivyochaguliwa na wakusanyaji tofauti. Kwa namba hizo jibu linakuwa 160.1, tofauti isiyofikia jouli moja. Kosa ni kuchanganya, ukachukua kalsaiti kutoka jedwali hili na oksaidi kutoka lile, kwa sababu tofauti ambazo zingefutana sasa zinabaki kwenye jibu lako. Kwa gesi kuna tofauti nyingine ndogo yenye asili inayojulikana: mwaka 1982 shirika la kimataifa la kemia, IUPAC, lilipendekeza kanieneo ya kawaida iwe bar 1 badala ya angahewa 1, na badiliko hilo peke yake liliongeza entropi ya kila gesi kwa 0.11 hivi. Jibu linalotofautiana na la mwenzako kwenye desimali ya kwanza si jambo la kugombania. Jibu linalotofautiana kwa makumi lina kosa ndani yake, na mara nyingi kosa hilo ni la hali ya maada.

Kosa hilo la hali ya maada linastahili mfano wake, kwa sababu alama peke yake haiwezi kulifichua. Chukua haidrojeni inayoungua na kufanya maji:

2H2(g) + O2(g) → 2H2O(l)

Moli tatu za gesi zinaingia, hakuna inayotoka. Naandika hasi, tena hasi kubwa. Vianzio ni 2 × 130.7 pamoja na 205.1 ya oksijeni, jumla 466.5. Mazao ni 2 × 69.9, yaani 139.8. Badiliko ni hasi 326.7 J/K. Mtu aliyeteleza akasoma mstari wa mvuke, ambao kwenye jedwali upo jirani kabisa na ule wa kimiminika, atapata 2 × 188.8, yaani 377.6, na badiliko lake litakuwa hasi 88.9. Alama zote mbili ni hasi, kwa hiyo utabiri wa alama hautamwokoa. Kinachoweza kumwokoa ni kukadiria ukubwa. Katika mimenyuko hii ya gesi niliyoitaja, kila moli ya gesi inayopungua au kuongezeka inaandamana na badiliko la kati ya 90 na 160 hivi: amonia ilipoteza moli mbili na kupata hasi 198.7, kalsiamu kabonati iliongeza moli moja na kupata 160.6, na maji ya kimiminika yanapoteza moli tatu na kupata hasi 326.7. Aliyepoteza moli tatu za gesi akapata hasi 88.9 tu anapaswa kusimama na kutazama upya herufi ya kwenye mabano.

Namba ya mvuke huo ina jambo jingine linaloweza kumchanganya msomaji makini. Kwenye nyuzi 25 maji hayawezi kuwa mvuke wa bar 1. Kanieneo ya mvuke wake kwa halijoto hiyo ni kilopaskali 3.2 tu, na ukijaribu kuubana zaidi unageuka kimiminika. Ile 188.8 ni ya mvuke wa kudhaniwa, uliokokotolewa kana kwamba ungeweza kuwepo kwa bar 1 ukiwa na tabia ya gesi kamilifu. Inafaa kwa hesabu, mradi ukumbuke kwamba jedwali linazungumzia hali za kawaida zilizokubaliwa, ambazo si lazima ziwe hali zinazopatikana kwenye chombo chako. Vivyo hivyo, badiliko tunalolikokotoa ni la vianzio vilivyotengana, kila kimoja kikiwa safi katika hali yake ya kawaida, vikigeuka kabisa kuwa mazao yaliyotengana. Mchanganyiko halisi ulioishia katikati ya mmenyuko ni habari nyingine.

Nimesema moli za gesi zikilingana huandika alama ya kuuliza. Wengine huandika sifuri, na hapo ndipo tunapotofautiana. Nitrojeni na oksijeni zinapofanya moli mbili za nitrojeni monoksaidi, moli mbili za gesi zinaingia na mbili zinatoka, lakini jedwali linatoa chanya 24.9. Haidrojeni na klorini zinapofanya moli mbili za haidrojeni kloraidi, ni chanya 20.0. Lakini kaboni monoksaidi na mvuke wa maji vinapofanya kaboni dioksaidi na haidrojeni, moli zikiwa mbili kwa mbili vilevile, jibu ni hasi 42.1. Katika ile mimenyuko miwili ya kwanza, molekuli zenye ncha mbili zinazofanana zimebadilishwa na molekuli zenye ncha zisizofanana. Molekuli ya klorini ukiigeuza nusu mzunguko huwezi kujua kama umeigeuza. Ya haidrojeni kloraidi unaweza, kwa hiyo ina namna mara mbili za kukaa, na kwa moli mbili jambo hilo peke yake linachangia 11.5 J/K, zaidi ya nusu ya ile 20.0. Katika mmenyuko wa tatu mojawapo ya mazao ni haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, ambayo kwa 130.7 ndiyo yenye entropi ndogo kabisa miongoni mwa gesi nilizozitaja. Herufi (g) haiyasemi haya. Ukitazama hali za maada tu, jibu la haki ni kwamba badiliko litakuwa dogo na alama yake haijulikani mpaka ukokotoe.

Nimefika sasa kwenye mmenyuko ulionifanya niandike yote haya. Dutu ni ileile, kalsiamu kabonati, lakini safari hii haivunjwi kwa moto. Inaundwa ndani ya maji. Changanya myeyusho wa kalsiamu kloraidi na myeyusho wa sodiamu kabonati, vyote viwili vikiwa maangavu, na papo hapo maji yanakuwa meupe kama maziwa, kisha weupe huo unatuama chini kama mashapo. Ioni za sodiamu na za kloraidi zilikuwepo tangu mwanzo na zinabaki kama zilivyokuwa, kwa hiyo mmenyuko wenyewe ni huu:

Ca2+(aq) + CO3 2-(aq) → CaCO3(s)

Tazama herufi. Ioni mbili zilizokuwa huru kuzunguka ndani ya maji zimefungwa katika yabisi moja. Hakuna gesi ya kuhesabu, na kila kinachoonekana kinasema entropi imepungua. Niliandika hasi bila kusita, nikafungua jedwali.

Kalsaiti ni 92.9, kama zamani. Lakini ioni ya kalsiamu ina hasi 53.1, na ioni ya kabonati ina hasi 56.9. Jumla ya vianzio ni hasi 110.0, na kutoa hasi ni kujumlisha: 92.9 + 110.0 ni chanya 202.9 J/K. Badiliko hilo ni kubwa kuliko lile la kuivunja kalsiamu kabonati na kuachilia gesi. Nilirudia hesabu mara tatu nikitafuta alama niliyoigeuza, na haikuwepo.

Shaka ya kwanza ya mtu yeyote ni zile namba hasi zenyewe. Tumesema entropi huanza kwenye sifuri na kupanda, sasa itakuwaje ioni iwe chini ya sifuri? Ufafanuzi ni kwamba ioni iliyo ndani ya maji haiwezi kupimwa peke yake, kwa kuwa huwezi kumimina ioni chanya bila hasi. Kwa hiyo, kwa ioni peke yake, wanakemia walirudi kwenye desturi kama ile ya enthalpi: ioni ya haidrojeni katika maji ilipewa sifuri, na nyingine zote zinasomwa kwa kulinganishwa nayo. Hasi 53.1 maana yake ni kwamba kalsiamu ina entropi ndogo kuliko makubaliano hayo yanavyohesabu, wala si kwamba ina entropi ndogo kuliko kutokuwepo. Na je, si makubaliano hayo ndiyo yaliyotupa jibu la ajabu? Hapana. Kama tungeamua kuipa ioni ya haidrojeni namba nyingine, kila ioni chanya ingepanda kwa kiasi kinachofuata chaji yake na kila ioni hasi ingeshuka vivyo hivyo. Kalsiamu yenye chaji mbili chanya na kabonati yenye chaji mbili hasi zingefutana kabisa. Katika mlinganyo wowote ambao chaji zake zimesawazishwa, jibu halitegemei sifuri ilipowekwa. Ile 202.9 ni ya kweli.

Iliyoongezeka ni entropi ya maji. Herufi (aq) inaonekana kama inasema kitu kimoja, lakini inaficha umati. Ioni ya kalsiamu ni ndogo na ina chaji mbili, kwa hiyo inazivuta molekuli za maji zilizo jirani nayo, inazigeuza zote zielekeze upande wa oksijeni kwake, na kuzishikilia hapo. Zile zilizo nyuma yake nazo zinapangika kwa kiasi. Ioni ya kabonati inafanya kama hivyo kwa upande wa haidrojeni. Maji hayo yaliyofungwa yamepoteza uhuru ambao maji ya kawaida yanao. Ioni mbili zinapoungana kuwa kristali, chaji zao zinatoshelezana, na umati wote ule wa molekuli unaachiliwa. Macho yetu yaliona vitu viwili vikiwa kimoja, wakati ndani ya chombo molekuli nyingi zilizokuwa zimepangwa zilirudi kuwa huru. Mlinganyo hauziandiki molekuli hizo, na kwa hiyo utabiri wa kutazama hauwezi kuzihesabu.

Kama hayo ni kweli, basi ioni zenye chaji ndogo, zisizoshika maji kwa nguvu namna hiyo, zinapaswa kutii utabiri wa kawaida, na ioni ndogo zaidi yenye chaji mbili inapaswa kuuvunja zaidi. Hilo linaweza kujaribiwa kwa jedwali lilelile. Fedha kloraidi inapotuama kutoka kwenye ioni za fedha, 72.7, na za kloraidi, 56.5, yabisi yenyewe ikiwa na 96.2, badiliko ni hasi 33.0, kama macho yanavyotarajia. Magnesiamu, ambayo ioni yake ni ndogo kuliko ya kalsiamu, ina hasi 138.1, magnesiamu kabonati ina 65.7, na badiliko la kutuama kwake ni 65.7 + 138.1 + 56.9, yaani chanya 260.7. Mfululizo unakwenda upande uliotarajiwa. Tangu hapo, nikiona (aq) pembeni ya ioni zenye chaji mbili au tatu, huandika alama ya kuuliza, hata kama yabisi inaonekana wazi ikizaliwa.

Upo uthibitisho mwingine ninaoupenda zaidi, kwa sababu unatoka nje ya jedwali la entropi. Enthalpi ya mmenyuko huo, kwa kutumia hasi 1206.9 ya kalsaiti, hasi 542.8 ya ioni ya kalsiamu na hasi 677.1 ya ioni ya kabonati, ni chanya 13.0 kilojouli. Maana yake mashapo yale meupe yanapotokea yanachukua joto kutoka kwenye maji, si kulitoa. Kwa upande wa joto mmenyuko haukupaswa kupendelewa. Unaousukuma ni entropi peke yake. Zidisha 202.9 kwa 298.15 utapata jouli 60,495, na hapa ndipo wengi huanguka, kwa sababu majedwali huandika enthalpi kwa kilojouli na entropi kwa jouli. Gawanya kwa 1,000 kwanza: 60.5. Nishati huru ya Gibbs, ambayo ikiwa hasi mmenyuko unapendelewa, basi ni 13.0 kutoa 60.5, yaani hasi 47.5 kilojouli. Kutokana na namba hiyo unaweza kukokotoa kizidisho cha uyeyukaji wa kalsaiti, yaani zao la viwango vya ioni zake mbili katika myeyusho ulioshiba, na kinatoka karibu 4.8 × 10⁻⁹, ambacho kiko pale pale vipimo vya maabara vinapokiweka. Kama alama ya entropi ingekuwa hasi kama nilivyoitabiri, nishati huru ingekuwa chanya 73.5 na kalsiamu kabonati ingeyeyuka kwa urahisi kuliko chumvi ya mezani.

Limebaki jambo moja la kuwekea mpaka. Ile 202.9 ni ya hali ya kawaida, ambayo kwa ioni ni moli moja kwa lita, myeyusho mzito ambao kwa kalsiamu na kabonati kwa pamoja haupo kabisa kwa sababu vitatuama kabla hujafika hapo. Ioni zikiwa chache zina nafasi kubwa zaidi ya kutawanyika, kwa hiyo zinapofungwa katika yabisi zinapoteza zaidi. Ukichukua 0.001 ya moli kwa lita kwa kila ioni, na kuzidisha 8.314 kwa logi asilia ya zao la viwango hivyo viwili, unapata hasi 114.9, na badiliko linashuka kutoka 202.9 hadi 88.0. Bado ni chanya. Ukiendelea kupunguza mpaka zao hilo lifikie 4.8 × 10⁻⁹, mahali ambapo yabisi na myeyusho vinakaa pamoja bila upande wowote kuzidi, na ukichukulia kwamba ioni hazisumbuani wala kabonati haimenyuki na maji, badiliko linakuwa chanya 43.6 J/K. Gawanya sasa jouli 13,000 za enthalpi kwa kelvini 298.15, utapata 43.6 ileile: entropi inayopatikana ndani ya chombo inalingana kabisa na ile inayopotea nje yake joto linapoingia, na hapo mashapo yanaacha kuongezeka.